Simu inaizima runinga lakini haiwezi kuiwasha: mwongozo kamili wa kuuweka macho mtandao wa runinga iliyolala

Dalili huwa ileile. Runinga ikiwa inawaka, programu ya simu inafanya kila kitu: inapandisha sauti, inabadili chaneli, inafungua video, hata kuizima inaizima. Ikishazimika, kitufe cha kuwasha kinafifia, au unakibonyeza, kiduara kinazunguka sekunde kadhaa, kisha unaambiwa kifaa hakipatikani. Ukichukua rimoti, runinga inawaka papo hapo.

Wengi hufuta programu na kuiweka upya, au huunganisha simu na runinga upya. Mara nyingi hilo halisaidii, kwa sababu tatizo haliko kwenye simu. Rimoti ya kawaida hutuma miale ya infraredi, na kipokezi cha miale hiyo hubaki na umeme muda wote runinga inaposubiri. Programu ya simu hupitia Wi-Fi, na sehemu ya Wi-Fi ndani ya runinga inaweza kukatiwa umeme kabisa mara skrini inapozimika. Simu inabisha hodi kwenye nyumba ambayo aliye ndani hasikii.

Mwongozo huu unashughulikia jinsi ya kujua runinga yako inaacha kusikia wakati gani, mpangilio upi unaiamsha, na kwa nini wakati mwingine mpangilio huo ukishawashwa bado ruta inaharibu kazi.

## Kuna usingizi wa aina mbili

Unapoizima runinga kwa rimoti, haizimiki kwa maana ya kukata umeme. Inaingia hali ya kusubiri, na hali hiyo ina ngazi mbili zinazotofautiana sana.

Katika usingizi mzito, umeme unabaki kwenye kipokezi cha rimoti, taa ndogo ya mbele na kidhibiti kidogo kinachosubiri amri. Kichakataji kikuu kimelala na saketi ya mtandao imekatwa. Katika usingizi mwepesi, kichakataji kikuu kimelala vilevile, lakini saketi ya mtandao inaachiwa umeme kidogo, ibaki imeshikamana na ruta ikisikiliza kitu kimoja tu: pakiti ya kuamsha.

Watengenezaji wengi hutoa runinga ikiwa kwenye usingizi mzito kwa sababu ya matumizi ya umeme. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya runinga na skrini, namba 2019/2021, inaruhusu wati 0.5 kwa runinga inayosubiri kwa kawaida na wati 2 kwa inayosubiri huku mtandao ukiwa macho. Tuseme runinga yako inalala saa 20 kwa siku. Kwa wati 0.5 itakula uniti 3.65 kwa mwaka, na kwa wati 2 itakula uniti 14.6. Ndiyo gharama unayoikubali kwa viwango hivyo unapowasha mpangilio tutakaoufikia, na kwa mtu anayetumia simu kama rimoti kila siku ni gharama ndogo.

Pakiti yenyewe ni rahisi. Ina baiti 6 zenye thamani FF, zikifuatwa na anwani ya MAC ya runinga, namba inayoitambulisha saketi yake ya mtandao, iliyorudiwa mara 16. Jumla ni baiti 102. Saketi ya mtandao haihitaji kuelewa kitu kingine chochote: ikiona anwani yake imerudiwa hivyo, inakiamsha kichakataji kikuu. Simu huituma kwa vifaa vyote vya mtandao wa nyumbani kwa mpigo, wala haiilengi anwani ya IP ya runinga. Sababu ni kwamba kupeleka kitu kwa IP, simu au ruta huuliza kwanza "nani mwenye anwani hii?", na runinga iliyolala kwa kawaida haijibu swali hilo. Tangazo la wote halihitaji jibu la mtu.

Hapa ndipo panapopotosha watu wengi. Ukiizima runinga na kujaribu kuiwasha baada ya dakika moja, mara nyingi inakubali hata kama mpangilio haujawashwa, kwa kuwa bado haijalala sawasawa. Mtu anaridhika kwamba amerekebisha, na asubuhi tatizo limerudi.

## Pima kwanza, kisha uguse mipangilio

Kabla ya kubadili chochote, tafuta runinga yako inaacha kusikia baada ya muda gani. Muda huo peke yake unakuonyesha mahali pa kuanzia.

Izime kwa rimoti, ufunge programu ya simu kabisa, usubiri dakika 1, ufungue programu na ujaribu kuiwasha. Ikiwaka, izime tena na uanze kuhesabu upya, safari hii dakika 15. Kisha fanya hivyo kwa dakika 45, na mwisho kwa dakika 90. Usijaribu mara nne katika usingizi mmoja: kila jaribio lililofanikiwa limeshaiamsha runinga, kwa hiyo saa lazima ianze upya.

Ikiwa haiwaki hata baada ya dakika 1, au inawaka kwa dakika 1 lakini si kwa 15, pengine runinga inakata mtandao wake yenyewe, na pa kuanzia ni kwenye menyu ya runinga. Ikiwa inawaka kwa dakika 15 lakini si kwa 45 au 90, mpangilio wa runinga pengine uko sawa na anayeikata ni ruta. Ikiwa skrini inawaka lakini programu inadai imeshindwa, hilo ni tatizo la tatu, dogo, na tutalipitia kwenye sehemu ya anwani.

Angalia pia mambo mawili ya upande wa simu, maana huchukua dakika moja tu. Simu iwe kwenye Wi-Fi ya nyumba ileile, si kwenye data, na kama una VPN izime wakati wa kupima, kwa sababu inaweza kuipeleka pakiti nje ya nyumba kupitia njia yake. Kwenye iPhone, fungua Settings, kisha Privacy & Security, kisha Local Network, uhakikishe programu ya runinga imeruhusiwa. Bila ruhusa hiyo programu haiwezi kuzungumza na vifaa vya nyumbani, na huenda isikueleze sababu.

## Mpangilio unaoamua

Kila mtengenezaji ameupa jina lake. Majina haya ni ya menyu ya Kiingereza. Njia ya kuufikia hubadilika kati ya toleo na toleo, kwa hiyo ukiukosa mahali palipotajwa, tafuta jina lenyewe kwenye menyu za jirani.

Kwenye Samsung unaitwa Power On with Mobile, na uko ndani ya Network, chini ya Expert Settings. Kwenye LG za zamani ni Mobile TV On. Za baadaye ni TV On With Mobile, na ndani yake kuna swichi ya Turn on via Wi-Fi. Kwenye Sony ni Remote start, katika mipangilio ya mtandao. Kwenye Philips ni Switch On with Wi-Fi (WoWLAN). Kwenye Panasonic ni Powered On by Apps, ndani ya TV Remote App Settings. Runinga zinazotumia mfumo wa Roku zina Fast TV start, ndani ya System, kisha Power.

Usichanganye mpangilio huu na ule wa kuwaka haraka. LG, kwa mfano, ina kingine kiitwacho Quick Start+. Hicho huiacha runinga katika hali ya nusu macho ili skrini ije upesi. Kuna watu wanaokiwasha, wakaona programu inafanya kazi, wakadhani ndicho kinachohitajika. Kinaweza kusaidia kweli, kwa kuwa runinga isiyolala sawasawa haikati mtandao wake, lakini kinatumia umeme zaidi na si njia iliyokusudiwa. Anza na ule wa kuwasha kwa simu, na uje kwenye huu iwapo wa kwanza umeshindwa tu.

Upande mwingine, mipangilio ya kubana matumizi ya umeme inaweza kuupindua. Kama runinga yako ina hali ya kuokoa umeme inayotaja kusubiri au mtandao, izime wakati wa kupima. Zile za kupunguza mwanga wa skrini tu hazihusiki, ziache.

Ukishawasha mpangilio, fanya kitu kimoja ambacho watu hukiruka: izime runinga kwa rimoti, chomoa waya wa umeme, subiri dakika 1, chomeka, kisha iwashe kwa rimoti na uiache iunganishwe na Wi-Fi mpaka uone mtandao unafanya kazi. Ndipo uizime na kuanza vipimo vya dakika 1, 15, 45 na 90. Baada ya kukatika umeme runinga nyingi hurudi kwenye usingizi mzito na hazifungui Wi-Fi mpaka ziwashwe mara moja kwa mkono. Kwa hiyo kama runinga yako inazimwa kila usiku kwenye swichi ya ukutani, hakuna mpangilio wowote utakaoiwezesha simu kuiwasha asubuhi. Izime kwa rimoti au kwa programu, na swichi ya ukutani iache imewashwa.

## Anwani mbili za runinga moja

Runinga yenye tundu la kebo ya mtandao na Wi-Fi kwa pamoja ina anwani mbili za MAC, moja kwa kila njia. Programu huikariri ile iliyoiona siku ya kuunganishwa. Ukianza na Wi-Fi kisha baadaye ukachomeka kebo, simu inaweza kuendelea kuita anwani ya Wi-Fi ambayo haisikilizi tena. Programu itaendelea vizuri runinga ikiwa macho, kwa kuwa wakati huo inatumia IP, na itashindwa kuamsha tu. Hapa, na hapa tu, kufuta runinga kwenye programu na kuiunganisha upya ndiyo dawa, huku runinga ikiwa kwenye njia ile utakayoitumia siku zote.

Anwani ya IP nayo ina sehemu yake. Pakiti ya kuamsha haiitegemei, lakini baada ya runinga kuamka programu huitafuta kwa IP ili iendelee kuiongoza. Ruta ikiwa imempa kifaa kingine namba hiyo, utaona skrini imewaka na programu bado inasema haipati kitu. Ingia kwenye ukurasa wa ruta, tafuta sehemu ya kutenga anwani, ambayo mara nyingi huandikwa Address Reservation au Static Lease, uifunge MAC ya runinga na namba moja, kwa mfano 192.168.1.40. Hiyo ni kazi ya mara moja.

Na uwe na subira ya sekunde chache. Runinga iliyoamshwa inahitaji muda wa kuinua mfumo wake kabla ya kujibu. Programu nyingine hukata tamaa mapema; ukiibonyeza tena baada ya sekunde 10 inaungana bila shida. Hilo si hitilafu ya mtandao.

## Tuma pakiti kwa mkono

Kabla ya kulaumu ruta, itenge programu pembeni. Ukiituma pakiti wewe mwenyewe kutoka kwenye kompyuta na runinga ikaamka, runinga na ruta ni wazima na kosa liko kwenye programu au ruhusa za simu. Ikikataa, programu haina hatia.

Pata MAC ya runinga kwenye menyu yake, sehemu ya hali ya mtandao au taarifa za kifaa, ukiwa makini kuchukua ya njia inayotumika. Kwenye kompyuta yenye Python, hifadhi mistari hii kwenye faili liitwalo `amsha.py`, ukibadilisha MAC na anwani iliyo kwenye mstari wa mwisho ziwe za kwako:

```python
import socket
mac = "02:00:00:12:34:56"
pakiti = b"\xff" * 6 + bytes.fromhex(mac.replace(":", "")) * 16
s = socket.socket(socket.AF_INET, socket.SOCK_DGRAM)
s.setsockopt(socket.SOL_SOCKET, socket.SO_BROADCAST, 1)
s.sendto(pakiti, ("192.168.1.255", 9))
```

Namba 192.168.1.255 ni anwani ya kuwatangazia wote katika mtandao unaoanza na 192.168.1. Kama nyumba yako inatumia 192.168.0, andika 192.168.0.255. Namba 9 ni mlango unaotumiwa kwa kawaida. Baadhi ya programu hutumia 7, na kwa saketi inayosikiliza tofauti hiyo haina uzito, kwa sababu inachotafuta ni mpangilio wa baiti ndani ya pakiti. Iendeshe mara mbili au tatu kwa kufuatana, kwani tangazo la wote kwenye Wi-Fi halithibitishwi kupokelewa na moja linaweza kupotea hewani.

Usitumie `ping` kama kipimo cha kama runinga itaamka. Runinga iliyo kwenye usingizi mwepesi inaweza kunyamaza kabisa kwa `ping` na bado ikaamka vizuri kwa pakiti, maana anayejibu `ping` ni kichakataji kikuu, nacho kimelala, na saketi iliyo macho inajua kusikia kitu kimoja tu. `ping` inafaa kwa jambo moja: kuona dakika gani runinga iliyozimwa imeacha kujibu, yaani imelala lini.

## Ruta inapoisahau runinga

Sasa tuichukue ile hali ya kipimo cha dakika 90, kwa sababu ndiyo inayowasumbua watu kwa muda mrefu zaidi na ndiyo isiyoandikwa kwenye vitabu vya maelekezo ya runinga.

Chukua runinga iliyo kwenye Wi-Fi, anwani 192.168.1.40, mpangilio wa kuwasha kwa simu umewekwa. Izimwe saa 2:00 usiku. Ikijaribiwa baada ya dakika 15 inaamka. Baada ya dakika 45 inaamka. Baada ya dakika 90 haiamki, si kwa programu, si kwa pakiti ya mkono. Ukirudia siku ya pili, kipimo cha dakika 90 kinashindwa tena: runinga haivuki zaidi ya saa moja.

Kikomo hicho cha saa moja kinanukia kitu. Katika mtandao wa Wi-Fi wenye nywila, kila kifaa kina ufunguo wake binafsi, na juu yake kuna ufunguo mmoja wa kundi zima unaotumika kufunga matangazo ya wote. Ruta huubadilisha ufunguo wa kundi kila baada ya muda uliowekwa, na kwenye ruta nyingi muda huo ni sekunde 3600. Inapoubadilisha inakipelekea kila kifaa ufunguo mpya na kusubiri kila kimoja kithibitishe. Kifaa kisichothibitisha baada ya majaribio machache hutolewa kwenye mtandao. Runinga ambayo saketi yake ikilala haiwezi kushughulikia mabadilishano hayo hunyamaza, na inatolewa. Kuanzia hapo pakiti ya kuamsha haimfikii mtu, na runinga haijui kwamba imefukuzwa.

Ili uthibitishe badala ya kukisia, fungua ukurasa wa ruta wakati runinga imelala na uangalie orodha ya vifaa vilivyoshikamana na Wi-Fi kwa sasa, mara nyingi Wireless Clients. Usitazame orodha ya anwani zilizogawiwa, DHCP Clients: hiyo huendelea kuonyesha kifaa mpaka muda wa anwani yake uishe, ambao unaweza kuwa siku nzima, hata kama kifaa chenyewe hakipo tena. Kwenye orodha sahihi, runinga yetu ya mfano inaonekana saa 2:30. Saa 3:15 haipo. Hapo jibu limepatikana.

Marekebisho yako kwenye mipangilio ya usalama wa Wi-Fi, penye Group Key Update Period, Group Key Renewal au Group Key Rotation Interval. Badili 3600 kuwa 86400, yaani mara moja kwa siku. Nyumbani, kwenye mtandao wa WPA2 wenye AES, hilo halikuvulii ulinzi: 86400 ndiyo thamani ya kawaida ya hostapd, programu inayoendesha Wi-Fi katika ruta nyingi, kwa usimbaji wa aina hiyo. Hifadhi, uache ruta ianze upya, iwashe runinga kwa rimoti ishikamane tena, kisha izime na urudie kipimo cha dakika 90. Katika mfano wetu, ikiamka hapo, pima pia asubuhi baada ya usiku mzima.

Kwa sekunde 86400 bado kuna mara moja kwa siku ambapo runinga inaweza kutolewa. Kama unaiwasha kila siku, kila kuwashwa inashikamana upya na hutaona tofauti. Kama huwa inakaa siku tatu bila kuguswa, soma sehemu ya kebo.

Ikiwa ruta yako haionyeshi mpangilio huo, au runinga inatoweka kwenye orodha kwa muda usio na mpangilio, sababu zinazofuata kwa uwezekano ni mbili. Ya kwanza ni ruta kubadilisha chaneli ya Wi-Fi yenyewe. Kifaa kilicho macho huifuata. Kilicholala kinaweza kubaki kikisikiliza chaneli tupu. Ondoa Auto na uweke chaneli moja, 1, 6 au 11 kwa bendi ya GHz 2.4, na uihamishie runinga kwenye bendi hiyo ikiwa ilikuwa kwenye GHz 5. Bendi ya GHz 5 ina chaneli ambazo ruta inalazimika kuzihama mara inapohisi rada, na huwezi kuizuia isipokuwa uchague chaneli zisizo na masharti hayo, kama 36 hadi 48. Ya pili ni ruta iliyowekewa ratiba ya kujizima na kujiwasha usiku, au mfumo wa vituo vingi vya Wi-Fi unaosukuma vifaa kutoka kituo kimoja kwenda kingine. Kila msukumo unamtaka mhusika awe macho.

Jambo moja la kuepuka kabisa: usiiweke runinga kwenye Wi-Fi ya wageni. Mitandao hiyo kwa kawaida huvitenga vifaa visionane, na mpangilio wa aina hiyohiyo, AP Isolation, ukiwashwa kwenye mtandao mkuu unafanya vilevile. Hata hivyo kosa hili hujitambulisha mapema, kwa sababu simu itashindwa kuiongoza runinga hata ikiwa inawaka.

## Kebo, na kifaa cha kati

Tatizo la ufunguo wa kundi na la kuhama chaneli ni ya Wi-Fi peke yake. Kebo ya mtandao kutoka kwenye runinga hadi ruta inayaondoa yote mawili kwa mara moja, na kama runinga iko karibu na ruta sioni sababu ya kuhangaika na kitu kingine. Baada ya kuichomeka, iunganishe runinga upya kwenye programu ili ikariri MAC ya kebo, na hakikisha mpangilio wa kuwasha kwa simu wa runinga yako unakubali kebo. Baadhi ya menyu zina swichi tofauti kwa kebo na kwa Wi-Fi, na jina kama Turn on via Wi-Fi linakueleza wazi kinachofunikwa. Namna ya kuhakiki: runinga ikiwa imezimwa, taa ndogo kwenye tundu la ruta ilipochomekwa kebo inapaswa kubaki inawaka. Ikizimika dakika chache baada ya runinga kulala, saketi ya kebo imekatiwa umeme na pakiti haitafika.

Kuna runinga ambazo hazina mpangilio wowote wa kuamshwa kwa mtandao. Umetafuta menyu nzima, haupo, na taa ya ruta inazimika kila mara. Hapo acha kuiamsha runinga moja kwa moja, umtumie mtu wa kati: kijiti cha kutiririsha video kilichochomekwa kwenye HDMI. Kijiti kinabaki macho kwenye mtandao, simu inakiamuru kucheza kitu, nacho kinaiamsha runinga kupitia waya wa HDMI kwa njia iitwayo CEC. Njia hii haigusi mtandao wa runinga hata kidogo.

Yanahitajika mambo mawili, na yote mawili husahaulika. CEC lazima iwashwe kwenye runinga, ambako imefichwa chini ya majina ya biashara: Anynet+ kwa Samsung, SimpLink kwa LG, BRAVIA Sync kwa Sony, EasyLink kwa Philips, VIERA Link kwa Panasonic. Na kijiti kipate umeme wake kutoka kwenye adapta ya ukutani, si kwenye tundu la USB la runinga. Runinga nyingi hukata umeme wa USB zinapolala, na kijiti kinachokufa pamoja na runinga hakiwezi kuiamsha. Kwa kupima, ifungue orodha ya vifaa kwenye ruta runinga ikiwa imelala: kijiti kikiwa bado kimo baada ya dakika 90, anzisha video kutoka kwenye simu na skrini inapaswa kufuata baada ya sekunde chache.

Kwa anayetaka kuiwasha akiwa nje ya nyumba, tangazo la wote halivuki intaneti, na hata VPN ya kawaida ya kurudi nyumbani huwa hailipitishi. Ruta kadhaa zina kitufe chao cha kuamsha vifaa, mara nyingi kikiitwa Wake on LAN. Unaingia kwenye ruta kutoka mbali, unaichagua MAC ya runinga, na ruta ndiyo inayotangaza ukiwa haupo. Masharti ni yaleyale ya ndani: saketi ya runinga iwe na umeme, na ruta iwe bado haijaisahau.